Mchezo wa harambee: kwa nini "binadamu" wa vitabu vya saikolojia ni mwanafunzi wa Marekani

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma ushauri nasaha mwaka wa pili, Dodoma. Kila kitabu tunachosoma kinasema "binadamu hufanya hivi, binadamu huhisi vile", lakini nikifuatilia nakuta waliopimwa ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Kwa nini ni wao tu? Na nitakapokaa na mteja kutoka Kondoa, niyaamini matokeo hayo kiasi gani? Halafu nimepanga kugawa dodoso kwa wanafunzi wenzangu 120 kwa utafiti wangu wa kumaliza chuo. Au nami nitakuwa narudia kosa lile lile?*

Marahaba. Sababu ya kwanza haina ukubwa wowote wa kinadharia: wanafunzi wale wako karibu na hawana gharama. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, anayechukua kozi ya utangulizi wa saikolojia hutakiwa kushiriki saa kadhaa za utafiti ndani ya muhula. Asiyetaka huandika insha badala yake. Saa hizo zina alama, na kijana gani ataacha nusu saa mbele ya kompyuta akachague kurasa tano za insha? Basi idara inajikuta na mamia ya watu wanaosubiri kupimwa. Mhadhiri akiweka tangazo Jumatatu, Ijumaa anaweza kuwa na data ya watu 80 na hajatoa hata senti.

Sasa chukua watu 80 hao hao, lakini wawe wakulima wa vijiji vya Kondoa. Utaanza na kibali cha COSTECH, kibali cha maadili, barua ya mkoa, barua ya wilaya, kisha ukae kwa mtendaji wa kijiji ukisubiri muhuri. Dodoso litafsiriwe na lijaribiwe. Wasaidizi wa utafiti wafundishwe na walipwe, gari lijazwe mafuta, na mvua ikinyesha barabara inakatika. Ni miezi kadhaa, kama mambo yakienda vizuri. Kwa mhadhiri anayepandishwa cheo kwa idadi ya machapisho yake, hesabu hiyo ni nyepesi sana.

Wala si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani Quinn McNemar alilalamika kwamba sayansi ya tabia za binadamu waliyokuwa nayo ni, kwa sehemu kubwa, sayansi ya tabia za wanafunzi wa mwaka wa pili. Kama wewe, kwa hiyo. Watu walicheka, wakaendelea.

Sababu ya pili inahusu uchapishaji, na hii ndiyo inayoniudhi mimi zaidi. Ukipeleka makala yenye data ya Tanzania kwenye jarida kubwa, mhakiki atauliza: kwa nini Tanzania? Matokeo haya yanatuambia nini kuhusu binadamu kwa jumla? Aliyepima wanafunzi wa Michigan hakumbani na swali la kwa nini Michigan. Angalia hata vichwa vya makala: zenye data ya Kenya, Uturuki au India hutaja nchi kwenye kichwa, zenye data ya Marekani hazitaji kitu, kana kwamba zimefanywa hewani. Msomaji anabaki na picha kwamba huku kwetu ni "utamaduni" na kule ni "binadamu".

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa na Jeffrey Arnett, aliyepitia majarida sita makubwa ya Chama cha Saikolojia cha Marekani ya mwaka 2003 hadi 2007. Sampuli 96 katika kila 100 zilitoka nchi za viwanda za Magharibi na jamaa zao, nchi zilizokuwa na takriban 12% ya watu wote duniani. Marekani peke yake ilichukua 68. Hesabu hiyo iliporudiwa kwa makala za miaka kumi na kidogo baadaye, dunia nzima iliyobaki ilikuwa imepanda ikafika kama 11%. Mtandao, ambako siku hizi washiriki hulipwa kujaza madodoso wakiwa nyumbani, umewapunguza wanafunzi kidogo, lakini umeleta watu wenye kompyuta, Kiingereza na muda, walewale wa nchi zilezile.

Hayo ndiyo majibu ya "kwa nini". Lakini sampuli finyu si lazima itoe jibu la uongo. Damu ya mwanafunzi wa Los Angeles na damu ya mvuvi wa Mafia zote zinabeba oksijeni, na hakuna anayedai zipimwe upya. Swali ni kama akili inafanana na damu kwa jambo hilo, na hapo nikupe kisa kimoja ambacho sehemu yake ilitokea huku kwetu.

Mwaka 1982 wachumi watatu wa Ujerumani, Güth, Schmittberger na Schwarze, walichapisha matokeo ya mchezo rahisi waliouchezesha wanafunzi. Watu wawili wasiojuana wanapewa fungu moja la pesa. Wa kwanza anapendekeza mgawo: mimi hivi, wewe hivi. Wa pili ana neno moja tu. Akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, pesa zinarudi kwa mtafiti na wote wanaondoka mikono mitupu. Hakuna kubembelezana na hakuna raundi ya pili. Wataalamu wanauita mchezo wa kauli ya mwisho.

Mtu anayejali pesa tu angepaswa kukubali hata shilingi mia, kwa sababu ni zaidi ya sifuri. Lakini mchezo uliporudiwa chuo hadi chuo, Ulaya na Marekani, wapendekezaji wengi walitoa karibu nusu, na mapendekezo ya chini ya moja ya tano yalikataliwa mara nyingi. Matokeo yalitulia hivyo mwaka hata mwaka, na wataalamu wakatoa hitimisho lililoonekana la busara: binadamu ana hisia ya haki, na yuko tayari kulipia ili kumwadhibu mchoyo. Wengine walikwenda mbali zaidi wakasema imo katika maumbile yetu.

Katikati ya miaka ya 1990 mwanafunzi mmoja wa anthropolojia, Joseph Henrich, aliupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga, watu wa msitu wa Amazon huko Peru wanaolima na kuwinda katika vikundi vidogo vya kifamilia. Fungu lilikuwa soles 20, zaidi ya ujira wa siku mbili, kwa hiyo si pesa za mzaha. Wastani wa mapendekezo ulikuwa 26%, na pendekezo lililojitokeza mara nyingi kuliko mengine lilikuwa 15%. Katika jozi 21, mmoja tu alikataa. Wapokeaji hawakuona kama wamedhulumiwa. Kwa macho yao, mwenzao alikuwa na bahati ya kukaa kiti cha kugawa, wao wakakosa bahati hiyo, na kukataa pesa ya bure ili kumkomoa mtu kwa bahati yake hakukuwaingia akilini. Henrich alipowachezesha wanafunzi wa chuo chake Los Angeles kwa kulinganisha, wastani ulikuwa 48%.

Tokeo hilo lilizaa mradi wa jamii 15 katika nchi 12, na tatu kati ya jamii hizo unazifahamu. Frank Marlowe aliucheza na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, Richard McElreath na Wasangu wa upande wa Mbeya, na Jean Ensminger na Waorma wa Mto Tana, Kenya.

Kwa Waorma tulia kidogo. Ensminger aliwachezesha pia mchezo wa pili, ambao kila mtu katika kikundi anapewa pesa, anaamua kwa siri ataweka kiasi gani kwenye kapu la wote, mtafiti anakiongeza kilichomo kapuni, kisha kinagawiwa sawa kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hakuweka kitu. Ukiwa mjanja unabana chako na kula cha wenzako. Waorma walipoelezwa kanuni, hawakuona kitu kipya: "Hii ni harambee." Wakaupa mchezo jina hilo hilo, mchezo wa harambee, na wakachanga wastani wa 58% ya walichopewa. Robo yao walitoa chote.

Ona kilichotokea. Mtafiti alidhani amewapa kanuni tupu isiyo na jina wala historia, na wao wakaivalisha vazi walilokuwa nalo: michango ya shule na ya barabara, kwa desturi zote walizozizoea za nani anatoa na kiasi gani. Mwanafunzi wa Los Angeles naye huivalisha vazi lake. Kwa kuwa mtafiti anavaa kama yeye, vazi halionekani, na kinachoandikwa kitabuni ni "binadamu".

Vivyo hivyo kwa Wahadzabe. Kambini, nyama ya mnyama mkubwa hugawiwa kwa wote, na mgeni angetegemea wawe wakarimu kupita wote. Kumbe katika kambi ndogo walitoa wastani wa 27% tu, na wapokeaji walikataa mapendekezo mengi, kama robo hivi. Mchezo ulikuwa wa siri, na kugawa kwa Wahadzabe hufanyika mbele ya macho ya watu, mwenye nyama akijua kwamba asipotoa ataandamwa mpaka atoe. Kwa Waau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya likaonekana jingine: baadhi ya watu waliahidiwa *zaidi* ya nusu, wakakataa. Kwao zawadi kubwa usiyoiomba ni deni, na anayeipokea amejifunga kamba shingoni bila kujua itavutwa lini. Nadhani hata wewe umewahi kuogopa mchango mnono kutoka kwa mtu fulani kwenye kamati ya harusi.

Sasa usiharakishe kusema "kumbe Waafrika ni tofauti". Wahadzabe wa kambi ndogo walitoa 27%, Waorma 44%, Wasangu zaidi kidogo ya 40%. Wote ni Afrika Mashariki. Wahadzabe wenyewe, walipokuwa katika kambi kubwa, walifika 40%. Kilichoeleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya jamii hizo 15 kilikuwa vitu viwili: watu wananunua na kuuza kiasi gani na wageni, na kazi zao za kila siku zinahitaji ushirikiano wa watu nje ya familia kiasi gani. Umri, jinsia au utajiri wa mtu mmoja mmoja ndani ya jamii havikueleza mengi.

Hapo ndipo ilipo hasara kubwa ya kuwapima wanafunzi peke yao, na watu wengi wanaikosa. Wanasema tu kwamba wastani utakuwa umekosewa. Wastani unaweza kurekebishwa. Kibaya zaidi ni kwamba sababu yenyewe inatoweka. Mkulima wa Njombe akitaka kujua kinachoongeza mahindi, halafu akapima mashamba ya kijiji kimoja tu, ataona tofauti za mbolea na za mbegu. Mvua hataiona, kwa sababu imenyesha sawa kwa wote. Ataandika kwamba mvua haina athari, na kwa data yake atakuwa sahihi. Wanafunzi wa chuo kimoja wote wamekulia sokoni, dukani na benki, wote wamezoea kushirikiana na watu wasiowajua. Soko ni mvua yao. Unaweza kuwapima 10,000 na bado usiione.

Kwa hiyo idadi kubwa ya washiriki haikuponyi. Wala kurudia utafiti mara ishirini katika vyuo ishirini hakukuponyi. Mchezo huu ulikuwa umerudiwa sana na matokeo yake yalikuwa imara, na uimara huo ndio uliowadanganya watu.

Lazima nikupe na upande wa pili, usije ukatupa vitabu vyote. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilichapisha marudio ya matokeo 28 yaliyojulikana sana, kwa washiriki zaidi ya 15,000 katika nchi na maeneo 36. Karibu nusu ya matokeo hayakusimama. Lakini yaliyoanguka yalianguka karibu kila mahali, na yaliyosimama yalisimama karibu kila mahali. Tofauti kati ya nchi za Magharibi na nyingine zilikuwa ndogo kuliko wengi walivyotarajia. Kwa hiyo mara nyingine utafiti una kasoro zake tu, na kusingizia utamaduni ni kuupa heshima isiyostahili. Ila wengi wa washiriki hao, hata wale wa mbali, walikuwa wanafunzi wa vyuo au watu wa mtandaoni, yaani kijiji kimoja cha mahindi kilichotawanyika duniani. Ushahidi huo unakupa nguvu kusema matokeo yanahama kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi. Kufika kwa mteja wako wa Kondoa ni safari nyingine.

Tukija kwake, hatari yako ya kila siku itakuwa kwenye vipimo kuliko kwenye nadharia. Miaka mingi nyuma nilikuwa na wenzangu vijijini Bagamoyo tukijaribu dodoso la haiba lililotafsiriwa. Sentensi ilikuwa "Mimi ni mtu mchangamfu", na mtu achague moja hadi tano. Mzee mmoja, mvuvi, aliitazama karatasi, akaniuliza: "Mchangamfu nikiwa na nani?" Nikamwambia kwa kawaida tu, mzee. Akacheka. "Mbele ya wakwe zangu, au kijiweni?" Nilimsihi achague namba, akachagua tatu kwa kunionea huruma. Ile tatu iliingia kwenye kompyuta ikiwa na hadhi sawa na tatu ya mtu mwingine yeyote. Siku hiyo niliiona kama usumbufu. Leo naiona kama jibu sahihi kuliko yote tuliyokusanya, kwa sababu dodoso lilikuwa limeshaamua kwamba haiba ni mali ya mtu peke yake, popote alipo, na mzee alikuwa anakataa hilo kwa adabu.

Mambo ya namna hii yamepimwa kwa uzito zaidi ya kisa changu. Michael Gurven na wenzake walipeleka kipimo maarufu cha sifa tano kuu za haiba kwa Watsimane wa Bolivia, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, na majibu hayakujipanga katika zile sifa tano. Kwa mshauri, somo la karibu zaidi liko kwenye huzuni na msongo. Mteja wako huenda asikwambie ana huzuni. Atasema anawaza sana, usingizi haupo, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio. Waswahili tunasema mtu "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kwamba huo si uwezo wa kufikiri. Dodoso linaloanza na hisia za moyoni linaweza kumpa mtu huyu alama ndogo huku anaangamia mbele yako. Ukipewa kipimo, uliza kwanza kama kimejaribiwa kwa Kiswahili na watu wa aina gani, na kiwango cha kukata, ile alama inayosema "huyu anahitaji msaada", kilipatikana wapi. Tafsiri ikiwa nzuri lakini kiwango kimetoka Marekani, bado una nusu ya kipimo.

Unaposoma makala, nenda kwanza kwenye sehemu ya washiriki kabla ya muhtasari. Kisha jiulize dai linahusu nini. Dai la mwelekeo, kwa mfano kwamba mtu hukumbuka zaidi akijifunza kwa vipindi vilivyoachana kuliko kwa mkupuo mmoja, huwa linasafiri vizuri kuliko dai la kiasi, kwamba watu hutoa nusu au kwamba asilimia fulani hushindwa kusubiri. Na dai lolote linalogusa pesa, heshima, ndugu, adhabu au jinsi mtu anavyojieleza, lichukulie kama habari za pale lilipopimwa mpaka uone limepimwa kwingine.

Kuhusu watu wako 120: ndiyo, ni kosa lile lile, ila unaweza kulifanya kwa uaminifu. Mwanafunzi wa chuo Dodoma hawakilishi Tanzania. Ni mmoja wa wachache waliopenya kidato cha sita au diploma, anaishi mjini, ana simu, anasoma Kiingereza. Kwa baadhi ya mambo amekaribiana zaidi na mwanafunzi wa Los Angeles kuliko na shangazi yake. Usiandike kichwa chenye "Watanzania" wala "vijana wa Kitanzania". Andika chuo, kozi, mwaka, walikopatikana, na kama walipewa chochote. Halafu katika sehemu ya mipaka ya utafiti usiandike ile sentensi ya kunakili kwamba sampuli ilikuwa ndogo. Taja ni kitu gani hasa ambacho wenzako wote 120 wanafanana, na ambacho unashuku kingebadilisha majibu kama kingetofautiana.

Ukiweza, punguza wanafunzi wawe 60, na 60 wengine uwatoe mahali ambapo kitu hicho ni tofauti: mafundi wa gereji za Majengo, au mama lishe wa stendi. Kwao dodoso la kujaza mwenyewe litakukwamisha, itabidi uwasomee na uandike wanavyojibu. Akitokea wa kukuuliza "nikiwa na nani?", iandike pembeni ya karatasi, usimsihi achague tatu.